Vizuizi Viwili katika Njia ya Folati

Kidonge cha kotrimoksazoli, ambacho wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hukiita Septrini, kina dawa mbili ndani yake: miligramu 80 za trimethoprimu na miligramu 400 za salfamethoksazoli, ambayo ni mojawapo ya dawa za salfa. Kila moja ya dawa hizi, ikitumiwa peke yake, kwa kawaida huzuia bakteria wasiongezeke bila kuwaua, lakini zikitumiwa pamoja mara nyingi huua, tena kwa viwango vilivyo chini sana ya vile ambavyo kila moja ingehitaji. Vitabu vya famasia hulieleza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba dawa mbili zimefunga hatua mbili za njia ileile ya kikemia. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha swali gumu bila jibu: njia ikishafungwa mahali pamoja, kizuizi cha pili kinaongeza nini?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kuanza na folati yenyewe. Folati ni jamii ya vitamini ambazo ndani ya seli hufanya kazi ya mchukuzi, kwa kuwa hubeba kipande kidogo chenye atomu moja ya kaboni kutoka kwenye molekuli moja na kukikabidhi kwa nyingine. Vipande hivyo huhitajika seli inapotengeneza purini na timidini, ambazo ni malighafi ya DNA, na pia inapotengeneza baadhi ya asidi amino kama methionini. Seli isiyo na folati haiwezi kunakili DNA yake, na kwa hiyo haiwezi kugawanyika. Binadamu hupata folati tayari kutoka kwenye mboga za majani, maharage na maini, na seli zake zina protini maalumu za kuipitisha kwenye utando wa seli hadi ndani. Bakteria wengi hawana njia hiyo ya kuingiza folati, hivyo hulazimika kuitengeneza wenyewe tangu mwanzo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowezesha dawa za salfa kumdhuru bakteria huku zikimwacha mgonjwa akiendelea kuishi kwa folati ya chakula chake.

Utengenezaji huo huanzia kwenye GTP, ambayo ni purini iliyobeba fosfeti tatu. Bakteria huibadilisha GTP kwa hatua kadhaa hadi ikawa kiini chenye pete mbili kiitwacho pterini, kilichofungiwa fosfeti mbili ili kiwe tayari kuungana na kitu kingine. Kitu hicho kingine ni asidi ya para-aminobenzoiki, ambayo wanakemia huifupisha kuwa PABA. Kimeng'enya cha kwanza kinachotuhusu, sintasi ya dihaidropteroati, huunganisha pterini na PABA. Kisha kimeng'enya kingine huongeza asidi ya glutamiki, na hapo hupatikana dihaidrofolati. Dihaidrofolati bado haiwezi kubeba chochote. Inahitaji kuongezewa atomu mbili za haidrojeni na kimeng'enya kiitwacho ridaktasi ya dihaidrofolati, nayo ikawa tetrahaidrofolati, ambayo ndiyo folati inayofanya kazi. Salfa hufunga kazi ya sintasi, trimethoprimu hufunga kazi ya ridaktasi.

Ufahamu wa hatua hizi ulikuja baada ya dawa, si kabla yake. Mwaka 1932, katika maabara za Bayer zilizokuwa Elberfeld, Ujerumani, Gerhard Domagk alijaribu rangi nyekundu iliyotengenezwa na wanakemia Josef Klarer na Fritz Mietzsch, akaona kwamba panya walioambukizwa bakteria wa aina ya streptokokasi walipona. Rangi hiyo, iliyopewa jina la Prontosili, ilitangazwa mwaka 1935, na ilikuwa na tabia ya ajabu: ndani ya panya iliponya, lakini ndani ya bomba la maabara haikuwafanya bakteria chochote. Katika mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha sababu. Mwili huivunja molekuli ya rangi vipande viwili, na kipande kimoja kisicho na rangi, salfanilamaidi, ndicho dawa. Wekundu uliovutia macho ya wanakemia haukuwa na kazi yoyote katika tiba.

Hatua iliyofuata ilianzia kwenye kero ya maabara. Watafiti walikuwa wameona kwamba salfanilamaidi hupoteza nguvu ikiwekwa pamoja na usaha, na pia ikiwekwa pamoja na maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira. Mwaka 1940 Donald Woods, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kuwa kitu kinachoiponza dawa katika maji ya hamira kinafanana sana na PABA, na kwamba PABA yenyewe, hata kwa kiasi kidogo mno, huwaruhusu bakteria kukua mbele ya salfa nyingi. Alitoa hoja kwamba molekuli hizi mbili zinafanana kwa umbo kiasi kwamba kimeng'enya hushindwa kuzitofautisha, hivyo salfa hukalia nafasi ya PABA na kuzuia kazi isiendelee. Wakati huo hata muundo wa folati yenyewe ulikuwa haujatambuliwa kikamilifu, jambo linaloipa hoja ya Woods uzito mkubwa zaidi.

Kwa kuwa salfa na PABA zinashindania nafasi moja, matokeo hutegemea wingi wa kila moja, na ukweli huu, pamoja na kazi ya folati yenyewe, unaeleza kasoro nyingi ambazo madaktari walizikuta hospitalini. Jipu lililojaa usaha haliponi vizuri kwa salfa, kwa sababu seli zilizokufa humwaga purini na timidini, yaani bidhaa za mwisho ambazo bakteria angehitaji folati ili kuzitengeneza, na sasa anaziokota bure. Dawa ya ganzi ya prokaini, ambayo mwilini huvunjika na kutoa PABA, nayo hudhoofisha salfa palepale ilipodungwa. Zaidi ya hayo, salfa huchelewa. Bakteria aliyekutwa na dawa ana akiba ya folati aliyoitengeneza kabla, na anaweza kugawanyika mara kadhaa huku akiba hiyo ikigawanywa kwa watoto wake, hadi kila mmoja abaki na kiasi kisichotosha. Katika muda huo wote dawa inafanya kazi, lakini mtazamaji haoni dalili yoyote.

Trimethoprimu ilitoka kwenye fikra tofauti kabisa. George Hitchings na Gertrude Elion, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, hawakungoja kubahatisha rangi; walitengeneza kwa makusudi molekuli zinazofanana na sehemu za DNA na za folati, wakatafuta zile zinazoidhuru seli moja kuliko nyingine. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Ugumu wa kuilenga ridaktasi ya dihaidrofolati ni kwamba binadamu naye anayo, kwa sababu hata folati ya chakula hupitia kwake kabla ya kutumika. Hapa usalama hauwezi kutokana na kimeng'enya kutokuwepo upande wa mgonjwa, kama ilivyo kwa salfa, bali hutokana na tofauti ndogo za umbo: trimethoprimu hukaa vizuri katika shimo la kimeng'enya cha bakteria, na hushikwa kwa ulegevu sana na kile cha binadamu, kiasi kwamba huhitajika trimethoprimu makumi ya maelfu ya mara zaidi ili kukizuia cha binadamu kwa kadiri ileile.

Kizuizi hiki cha pili kina sifa ambayo cha kwanza hakina. Matumizi mengi ya tetrahaidrofolati huiacha ikiwa bado tetrahaidrofolati, imetua mzigo wake tu na iko tayari kwa mwingine. Utengenezaji wa timidini hauko hivyo: hapo folati hutoa kaboni pamoja na haidrojeni zake mbili, ikarudi kuwa dihaidrofolati isiyofaa. Kwa hiyo ridaktasi haitengenezi folati mpya tu, bali pia huifufua ile ya zamani kila mara DNA inaponakiliwa. Trimethoprimu inapoifunga, bakteria anayekua kwa kasi humaliza akiba yake mwenyewe kwa dakika chache, kwani kila timidini anayotengeneza inamgharimu folati moja isiyofufuka. Akiendelea kukua bila timidini, huku malighafi nyingine zikiwepo, DNA yake huharibika na hufa. Lakini ikiwa purini na methionini nazo zimekosekana, ukuaji husimama na bakteria hubaki hai akisubiri, ndiyo maana dawa ileile huua katika mazingira fulani na kuzuia tu katika mazingira mengine.

Sasa tunaweza kulirudia swali la ushirikiano wa dawa, na ni vema kuonyesha kwanza namna unavyopimwa. Maabara huandaa safu za visima vidogo vyenye bakteria walewale, ambapo salfa huongezeka kuelekea upande mmoja na trimethoprimu kuelekea upande mwingine, hivyo kila kisima kina mchanganyiko wake. Tuchukue mfano wa bakteria wa kubuni anayezuiwa na mikrogramu 10 za salfamethoksazoli kwa mililita zikiwa peke yake, au na nusu mikrogramu ya trimethoprimu ikiwa peke yake. Kama dawa hizi zingekuwa zinajumlishana tu, basi nusu ya ya kwanza ikichanganywa na nusu ya ya pili ingetosha, yaani mikrogramu 5 pamoja na 0.25, na nusu mbili zingetoa jumla ya 1. Tuseme badala yake kisima cha kwanza kisicho na ukuaji ni kile chenye mikrogramu 1 ya salfa na 0.05 ya trimethoprimu. Kila dawa imetumika kwa sehemu ya kumi tu ya kiwango chake, jumla ni 0.2, na kwa kawaida jumla isiyozidi 0.5 huhesabiwa kuwa ni ushirikiano wa kweli. Katika mfano huu salfa ni mara 20 ya trimethoprimu, na uwiano huo si wa bahati, kwa maana ushirikiano huwa mkubwa zaidi dawa zinapokuwepo kwa uwiano wa nguvu zao, kila moja kwa sehemu sawa ya kiwango chake.

Maelezo yaliyozoeleka ya ushirikiano huu yanategemea ushindani. Trimethoprimu hukalia nafasi ya dihaidrofolati katika ridaktasi, na ridaktasi ikizibwa, dihaidrofolati hurundikana nyuma yake hadi ikawa nyingi kiasi cha kuisukuma trimethoprimu itoke. Salfa hupunguza dihaidrofolati mpya inayoingia, hivyo mrundikano unapungua na trimethoprimu inabaki mahali pake. Kwa maelezo haya salfa ndiyo inayoisaidia trimethoprimu, na msaada huo ni wa upande mmoja. Dosari yake huonekana mtu akichunguza kwa makini: sehemu kubwa ya dihaidrofolati katika bakteria anayekua haitoki kwenye utengenezaji mpya bali kwenye utengenezaji wa timidini, ambao salfa haiugusi moja kwa moja.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa upande wa pili wa msaada nao upo. Hoja yao inarudi kwenye GTP. Pterini hutengenezwa kutokana na GTP, GTP ni purini, na purini haziwezi kutengenezwa bila tetrahaidrofolati. Kwa hiyo njia ya folati si mstari ulionyooka wenye mwanzo na mwisho, bali ni mduara, kwani bidhaa ya mwisho inahitajika ili malighafi ya kwanza ipatikane. Trimethoprimu inapopunguza tetrahaidrofolati, pterini iliyo tayari kuungana na PABA nayo hupungua, na sintasi ikipungukiwa malighafi huzidiwa kirahisi na salfa. Kuna jambo jingine linaloongeza hasara: sintasi, ikidanganywa na umbo la salfa, wakati mwingine huiunganisha na pterini na kutoa bidhaa isiyofaa, hivyo hata ile pterini kidogo iliyobaki hupotea. Salfa huisaidia trimethoprimu, trimethoprimu huisaidia salfa, na kila mzunguko unazidi kuukaza ule uliotangulia. Hili ndilo jibu la swali la mwanzo wa sura: kizuizi cha pili kingeongeza kidogo tu katika mstari, lakini katika mduara kinaongeza sana.

Kidonge chenyewe kiliundwa kwa kufuata uwiano wa maabara, ingawa kwa kuangalia namba zilizoandikwa juu yake mtu angedhani sivyo, kwa kuwa 80 kwa 400 ni moja kwa tano, si moja kwa ishirini. Tofauti hiyo imetokana na namna mwili unavyozigawa dawa. Trimethoprimu hupenda mafuta, hivyo hutoka kwenye damu na kusambaa ndani ya tishu, ilhali salfamethoksazoli hubaki zaidi kwenye damu na majimaji ya nje ya seli. Mgonjwa akimeza moja kwa tano, katika damu yake hupatikana karibu moja kwa ishirini. Salfamethoksazoli ilichaguliwa miongoni mwa salfa nyingi kwa sababu muda wake wa kupungua hadi nusu, ambao ni kama saa 10, unakaribiana na ule wa trimethoprimu, na dawa mbili zinazotoka mwilini kwa kasi moja hubaki na uwiano uleule tangu dozi moja hadi nyingine.

Hata hivyo uwiano huo ni wa damu, na maambukizo mengi hayako kwenye damu. Katika tezi dume trimethoprimu huingia vizuri na salfa huingia kwa shida. Katika mkojo trimethoprimu hukusanyika kwa wingi kiasi kwamba inatosha bila mwenzake, ndiyo maana katika nchi kadhaa maambukizo ya kawaida ya njia ya mkojo yametibiwa kwa trimethoprimu pekee. Sifa ya ushirikiano haipaswi kupewa kila mgonjwa aliyepona kwa kotrimoksazoli, kwa kuwa wengine wamepona kwa dawa moja huku nyingine ikiwapa madhara tu.

Usugu wa bakteria unaikata sifa hiyo zaidi. Jeni ziitwazo sul humpa bakteria sintasi ya ziada ambayo inaitambua PABA na kuikataa salfa, na jeni ziitwazo dfr humpa ridaktasi ambayo trimethoprimu haishiki. Zote husafiri kwenye plasmidi, yaani vipande vya DNA ambavyo bakteria hupeana, na mara nyingi husafiri pamoja. Bakteria mwenye sul peke yake bado huzuiwa na trimethoprimu, na cheti cha maabara kinaweza kusema kwamba kotrimoksazoli inafaa, lakini mgonjwa huyo anatibiwa kwa dawa moja iliyovaa jina la mbili. Maabara inayotaka kujua ukweli huweka kwenye sahani ya bakteria vidonge viwili vya karatasi, kimoja cha kila dawa, kwa umbali mdogo: pale ushirikiano ulipo, maeneo mawili yasiyo na ukuaji hutanuka kuelekeana hadi yanaungana katikati, na pale usipokuwepo kila eneo hubaki na mviringo wake. Kipimo hiki huharibika kabisa ikiwa chakula cha bakteria kwenye sahani kina timidini, kwa sababu ileile inayoiponza salfa ndani ya usaha, na bakteria dhaifu huonekana sugu. Tiba ya tatizo hilo ni kuongeza damu ya farasi iliyopasuliwa seli zake, ambayo ina kimeng'enya kinachoivunja timidini.

Matumizi yaliyookoa maisha mengi Afrika yanahusu kiumbe ambaye si bakteria. Pneumosistisi ni kuvu anayesababisha nimonia kali kwa watu ambao kinga yao imeshushwa na virusi vya UKIMWI, naye hutengeneza folati yake kama bakteria wanavyofanya. Miligramu 960 za kotrimoksazoli kila siku humkinga mtu mzima dhidi ya kuvu huyo, na pia hupunguza toksoplasma, baadhi ya nimonia za bakteria na malaria. Jaribio lililofanyika Zambia na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kuwa watoto wenye virusi waliopewa dawa hii walikufa kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 43 kuliko wale waliopewa kiigizo kisicho na dawa, ingawa usugu wa bakteria dhidi yake ulikuwa mkubwa nchini humo. Matokeo hayo yalivunja hoja ya waliosema kwamba usugu uliopimwa maabara unatosha kuiacha dawa.

Vimelea vya malaria navyo hutengeneza folati, na vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito kliniki vimejengwa kwa kanuni ileile, ambapo salfadoksini inashika nafasi ya salfamethoksazoli na pirimethamini inashika ya trimethoprimu. Lakini kimelea cha malaria, tofauti na bakteria wengi, kinaweza kuokota folati iliyoko nje yake, na mjamzito hupewa asidi ya foliki ili kuzuia upungufu wa damu na kasoro za mtoto tumboni. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba miligramu 5 za asidi ya foliki kwa siku, kipimo kilichokuwa kikitolewa kwa mazoea, hudhoofisha SP, ilhali kipimo kidogo cha miligramu 0.4 hakina madhara hayo, na ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mjamzito anayeishi na virusi vya UKIMWI na ambaye tayari anameza kotrimoksazoli kila siku hapewi SP kabisa, kwa kuwa atakuwa amebeba salfa mbili kwa wakati mmoja, na salfa zinapozidi huongeza hatari ya upele mkali unaobabua ngozi na utando wa kinywa na macho. Kwake kotrimoksazoli yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kumkinga na malaria, mradi asiikatishe.